Picha Zilizokataliwa na Wenye Sura

Baba yangu si mtu wa vitisho. Husema jambo mara moja tu, kisha akaendelea na alichokuwa anafanya. Siku hiyo alikuwa anafunga kamba za viatu, barazani kwetu Kiranjeranje, aliposema kwamba mikorosho ikianza kutoa maua, banda lake la pembeni mwa barabara atampangisha fundi simu. Mimi na makopo yangu ya rangi tutafute pa kwenda, na kama hatupati, shambani kuna kazi ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Akakaza kamba ya kiatu cha pili akaondoka zake. Nilibaki na brashi mkononi na hasira ya kumrushia mtu, lakini wa kumrushia alikuwa ameshavuka mtaro.

Ufundi nilijifunzia Lindi mjini, kwa mzee mmoja mchora mabango. Nilianza kwa kupiga msasa mbao, nikapandishwa cheo nikawa mpakaji wa andakoti, ile rangi ya kwanza ya chini, mwisho nikaruhusiwa kuandika herufi na kuchora sura. Kabla sijaiva vizuri, mzee akafunga kazi. Wenye maduka walikuwa wameanza kutaka mabango ya kuchapishwa kwa kompyuta, yale ya plastiki yanayong'aa, yenye picha ya mama wa Kizungu anayekula wali ambao hata si wa hapa. Nikarudi nyumbani na brashi zangu, nikamwomba baba banda alilokuwa akihifadhia magunia. Alinipa akidhani mambo hayo yatanitoka yenyewe, mithili ya mafua.

Kila mtu Kiranjeranje alikuwa na ushauri kuhusu kipaji changu, na wote waliutoa bure. Mama alisema nichore maua kwenye vitambaa vya makochi. Kinyozi, ambaye kibanda chake kilishikana na changu, alisema niende Kilwa Masoko nikawauzie watalii vifuu vya nazi vilivyochorwa samaki. Nilikwenda. Watalii walikuwa wawili, mume na mke, na yule mume alikuwa anaharisha. Nilirudi na vifuu vyangu vyote, na mpaka leo mama anapimia chumvi kwa kifuu chenye pweza.

Basi nikakaa kwenye banda kungoja wateja wa mabango, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipojulikana. Mkono wangu huchora kinachoonekana. Ukiniambia nichore samaki, nitachora huyo samaki aliye mbele yangu, na akiwa amelala kwenye sinia tangu asubuhi, basi atatoka na uso wa kulala kwenye sinia tangu asubuhi.

Mama lishe wa upande wa pili wa barabara ndiye aliyeanza kuumia. Alitaka bango la samaki na wali. Nilinyoosha bati, nikapaka andakoti, nikapiga mistari kwa uzi wenye chaki ili herufi zisipande mlima, nikachora. Herufi zilinyooka vizuri sana. Samaki naye alitoka vizuri, ila alikuwa na macho ya mtu aliyepata habari mbaya.

"Mwanangu," mama lishe akasema, "huyu samaki ananihukumu."

"Mama, ndivyo alivyokuwa."

"Najua ndivyo alivyokuwa, mimi ndiye niliyemnunua! Sasa mteja ataagiza samaki gani huku anaangaliwa hivi?"

Niliambiwa nimfute samaki nibakize wali. Akafuata kinyozi. Alitaka kichwa cha kijana mtanashati ukutani kwake, akakubali nimtumie yeye mwenyewe kuwa mfano, kwani alijiona mtanashati. Nilichora kichwa chake na masikio yake yote mawili, la kushoto likiwa limekaa chini kidogo kuliko la kulia. Wateja wakaanza kuuliza kama anayenyoa anakata na masikio. Alikaa wiki nzima bila kunisalimia, na tulikuwa tunatumia kiti kimoja.

Nikasema labda mabango si riziki yangu, nijaribu sura za watu. Niliomba mapande ya triplai yaliyobaki kwa seremala, nikayapiga msasa, nikabandika tangazo kwamba nachora mtu kutoka kwenye picha ya simu. Njia yenyewe ni rahisi kueleza. Unaigawa picha ndogo kwa miraba, unapiga miraba ileile kwa ukubwa kwenye mbao, kisha unahamisha mraba mmoja mmoja: pua iko kwenye mraba huu, basi nayo huku iwe kwenye mraba huo. Ukimaliza penseli, unapaka rangi, tabaka nyembamba kwanza, unaacha ikauke, unarudia. Ubaya wa miraba ni kwamba haijui adabu. Pua ikichukua miraba mitatu, inachukua miraba mitatu.

Mwalimu mstaafu alikuwa mteja wa kwanza, na pua yake ilichukua mitatu na nusu. Alivaa koti, akasimama mbele ya kazi yangu, akaikagua akiwa ameshika mikono mgongoni vile vile alivyokuwa akikagua madaftari yetu.

"Huyu nani?" akauliza.

"Ni wewe, mwalimu."

"Hapana," akasema kwa upole. "Jaribu tena nyumbani."

Akaondoka bila picha. Baada yake wakaja wengine, wote wakakataa sura zao. Bibi mmoja alisema nimemzeesha, na nilipomwambia ana miaka sabini akasema hiyo ni siri yake na serikali. Dereva wa bodaboda alisema yeye hana shingo fupi, akanyoosha shingo kunionyesha, akakaa hivyo mpaka akapata maumivu. Nilikuwa na ukuta mzima wa picha zilizokataliwa na wenye sura. Mtu akiingia ghafla anaweza kudhani ni mkutano wa kijiji uliokasirika. Ustadhi wa msikiti wetu, ambaye hakutaka mambo ya sura tangu mwanzo, alinipa kazi moja ya herufi tupu, ya kuonyesha mahali pa kuweka viatu, na ndiyo kazi pekee ambayo mteja aliichukua akitabasamu.

Ufuta ukavunwa, siku zikazidi kupungua. Baba alikuwa akipita mbele ya banda na baiskeli, anatazama juu kwenye mikorosho ya jirani, kisha ananitazama mimi. Niliumia zaidi kwa kule kutazamwa kuliko kwa maneno yote ya mama lishe, kwa kuwa nilijua hanionei. Mtu hawezi kukaa bandani akikusanya sura.

Mambo yaligeuka asubuhi moja aliposhuka kwenye basi shemeji wa mwalimu mstaafu, mdogo wa mke wake, mtu mnene mwenye kicheko cha kuamsha watoto. Alikuja bandani kuulizia njia ya mkato, akaona ukuta, akaona pua. Akakaa chini. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka, kinyozi akaja na maji.

"Ah! Ah! Shemeji yangu huyu!" akasema akijifuta machozi. "Binti, umemnasa. Hii inauzwa?"

"Mwenyewe ameikataa, mzee."

"Safi kabisa! Nifungie."

Mtu asiye wa kwetu angeshangaa, lakini mashemeji ni watani, na mtani ana haki zake. Anaweza kukudhihaki mbele za watu, akakunyang'anya kofia, akazuia mlango wako hadi utoe kitu cha kujikomboa, na wewe ukikasirika wewe ndiye uliyekosa adabu. Yule bwana aliibeba picha kichwani, uso ukiangalia mbele, akaingia nayo uani kwa mwalimu, akaitundika kwenye mti wa kuanikia nguo. Akatangaza kwamba haishuki bila fidia. Nusu ya kijiji ilikwenda kumpa mwalimu pole na kuangalia pua. Jioni mwalimu alitoa jogoo, picha ikashushwa.

Kesho yake, kabla sijafungua vizuri, mwalimu alikuwa mlangoni na koti lake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Binti, picha ya shemeji yangu ninayo kwenye simu. Tumbo lake utalipatia haki yake?"

"Nitalipatia haki yake, mwalimu."

"Usiongeze. Usipunguze. Kama lilivyo." Akafunga kifungo cha koti. "Ile pua yangu nimeiangalia vizuri. Kweli ni ndefu."

Hapo nikaelewa kitu ambacho hakuna mshauri hata mmoja alikuwa amekiona, wala mimi. Nilikuwa nawauzia picha watu ambao hawakuzihitaji. Hakuna anayetaka kununua pua yake mwenyewe. Mnunuzi ni mtani wake. Na uzuri wa biashara hii ni kwamba kila picha iliyotoka ilizaa nyingine, maana aliyechekwa hakulala hadi alipize. Yule dereva wa bodaboda alikuja kuagiza picha ya shemeji yake. Siku ileile shemeji yake alikuwa ameshapita kulipia ile ya shingo, kwa hiyo niliwapangia wapishane mlango siku ya kuchukua. Hata kinyozi aliomba msamaha, akaniagizia binamu yake wa Kipatimu mwenye meno yaliyotangulia.

Nikaweka masharti, nayo niliyaandika ukutani kwa herufi nzuri. Kazi haianzi bila malipo ya nusu. Mtu mwenye maradhi au kilema hachorwi kilema chake. Na kabla ya yote nilimhoji mteja: ni mtani wako kweli, kwa njia gani? Alikuja bwana mmoja mwenye kesi ya mpaka wa shamba, anataka jirani yake achorwe na mkia. Nilimwuliza utani wao unatokea wapi. Akasema unatokea kwenye mpaka. Nikamrudishia triplai aliyokuja nayo, akaniita msichana mwenye kiburi, na kwa hilo hakukosea.

Kazi ikawepo, lakini baba aliona ni kelele za msimu. Aliniambia wazi kwamba watu watacheka mpaka wachoke, kisha banda litabaki na harufu ya tina ya kuyeyushia rangi. Fundi simu alikuwa ameshaambiwa aje akague. Na baba hakucheka, hata mara moja. Kijiji kizima kilicheka kwenye banda lake, yeye akapita na baiskeli.

Ndipo akaja binamu yake kutoka Kilangala. Ni mtoto wa shangazi yake, kwa hiyo ni mtani wake wa damu, na mimi humwita baba mdogo. Dada yangu alikuwa anaolewa baada ya ufuta kuuzwa, na baba mdogo alikuja mapema ili apate muda wa kusumbua. Aliingia bandani, akafunga mlango wa mabati, jambo lililotufanya tuanze kuiva mle ndani kwa joto.

"Nataka unichoree kaka yangu," akasema.

"Kaka yako yupi, baba mdogo?"

"Baba yako! Nataka kumfunua siku ya harusi, mbele ya wakwe."

Nilimwambia haiwezekani. Yeye ni mtani wa baba, mimi siye. Mimi ni mtoto, nampa shikamoo kila asubuhi, sivuki hata miguu yake akiwa amelala mkekani. Baba mdogo akasema mkono ni wa kukodi, aliyekodi ndiye anayetania. Kinyozi, aliyekuwa anasikiliza kupitia tundu la msumari, akasema kwa sauti kwamba kwa maoni yake huo ni utovu wa nidhamu, lakini angependa kuona.

Nilikwenda kwa bibi mzaa baba. Bibi na mjukuu ni watani, hivyo hata kumwuliza jambo zito ni kazi. Alinisikiliza akivuta ugoro, akapiga chafya.

"Kumbe unaogopa," akasema. "Baba yako amekuchorea uzuri gani mpaka na wewe umchoree uzuri?"

"Bibi, nataka unijibu kweli. Akikasirika nitakosa banda."

"Banda utalikosa hivyohivyo, mikorosho ya mwanangu imeshatoa vichomozo vya maua. Mchore. Na usisahau kovu la kidevuni, alianguka akiiba mabibo ya mikorosho ya jirani. Kwangu alisema kapigwa teke na mbuzi." Akapiga chafya ya pili. "Kuniletea ugoro usisahau."

Sikuwa na picha ya baba kwenye simu, kwani akiona simu hugeuka. Ikabidi nimchore akiwa amelala. Baada ya swala ya adhuhuri hujinyoosha mkekani, redio kifuani, mdomo wazi, na redio ikisema habari za bei ya ufuta hupanda na kushuka na pumzi yake. Nilikaa mlangoni na penseli, nikijifanya nachagua mchele. Sikuwahi kumtazama baba muda mrefu namna hiyo. Mbele ya mzazi mtu huinamisha macho, na macho yangu yalikuwa yameinama tangu nizaliwe. Niliona hina iliyokosea njia kwenye ndevu zake ikapaka sikio. Niliona kovu la mabibo. Nikaona viganja vyake, vilivyobabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho, vyeusi kwenye mistari, mapande ya ngozi yakiinuka, na kidole gumba kilichopinda ambacho sikujua kama kimepinda. Nilitaka kucheka mdomo wake, na nikaucheka, lakini kwenye vidole nilishindwa. Niliviweka vilevile, mraba kwa mraba.

Siku ya harusi, wakwe walipokwisha kula pilau, baba mdogo alisimama na picha iliyofunikwa kanga. Mimi nilikuwa nyuma ya masufuria. Aliifunua, akainyanyua juu, akatangaza kwamba huyu ndiye mwenye nyumba akiwa kazini. Wakwe wakaangua kicheko, watoto wakaanguka, bibi akacheka hadi akamwaga ugoro, na mwalimu mstaafu akasema kwa sauti kwamba hatimaye kuna mwenye mdomo wa kushindana na pua yake.

Baba hakucheka. Alisogea hadi kwenye picha, akasimama karibu kabisa. Vicheko vikaanza kupungua kimoja kimoja. Nilichutama nyuma ya sufuria la pilau.

"Kovu hili," baba akasema, "nilipigwa teke na mbuzi."

"Mwongo!" bibi akapaza sauti kutoka kwenye mkeka, na harusi ikaanza upya.

Alilipa fidia, jogoo mweusi ambaye mama alikuwa anamtunza, akaibeba picha ndani mwenyewe. Kwangu hakusema neno. Siku ile wala iliyofuata. Nilianza kufunga makopo ya rangi kwenye gunia, huku nalia na kuwatukana binamu wote wa dunia kimoyomoyo.

Mama ndiye aliyekuja bandani. Alikaa kwenye kiti cha kinyozi, akaniambia baba ameitundika picha chumbani, mbele ya kitanda, na kwamba usiku ule baada ya harusi aliwasha tochi akavimulika vile viganja vya kwenye picha, kisha akaviangalia vyake, kisha vya picha.

"Nikamwuliza unatafuta nini," mama akasema. "Akaniambia, huyu mtoto ameniangalia. Tangu niolewe naye sijamsikia akisema maneno ya namna hiyo. Nikamwambia azime tochi."

Nilitoa kopo moja kwenye gunia nikaliweka mezani, kisha jingine.

Mikorosho ikatoa maua. Fundi simu akaja na futi ya kupimia, akasimama mlangoni mwa banda pamoja na baba. Nilikuwa ndani, napaka meno ya binamu wa kinyozi, wala sikugeuka. Nilimsikia baba akimwambia kwamba banda limeshapata mpangaji, amwie radhi, ila kwa kinyozi pale pembeni huenda pana nafasi ya meza.

Fundi simu akaenda kwa kinyozi. Baba aliingia, akavua kofia, akakaa kwenye kibao cha wateja. Nikafuta mikono.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Alitazama ukuta wa masharti, akayasoma yote polepole, midomo ikicheza. Kisha akatoa noti zilizokunjwa mfukoni mwa shati, akaziweka mezani. "Hiyo ni nusu. Namtaka binamu yangu."

"Ni mtani wako kweli?" nikauliza, kwani sharti ni sharti.

Baba akanitazama moja kwa moja, na safari hii sikuinamisha macho.

"Mtani wangu kabisa," akasema. "Na upara wake uupe haki yake."